Kahawa ya Kivu: kilo zinapotea kati ya mizani na karatasi

Kila mwaka, tangu mwezi wa tatu mpaka karibu mwezi wa sita, njia za milimani pembeni ya ziwa Kivu zinajaa watu wenye mifuko mgongoni. Kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, wakulima wanashuka na serizi, ile kahawa nyekundu iliyochumwa siku hiyo hiyo, kuelekea stesheni za kuosha. Na kila mwaka malalamiko ni yale yale: bei iliyotangazwa siyo ile iliyofika mkononi.

Mara nyingi mjadala unaishia kwenye bei. Watu wanauliza kwa nini kwa ngambo, Rwanda, kuna ofisi (NAEB) inayotangaza kila musimu bei ya chini kabisa ya kilo ya serizi, na kwetu mkulima anajadiliana peke yake. Ni swali la haki. Lakini uchambuzi huu unaangalia mahali pengine, pale ambapo bei imekwisha kukubaliwa, mfuko umefika kwenye mizani, na bado feza inapungua kabla ya kulipwa. Hatuhitaji kungoja soko la New York lipande ili kusahihisha hapo. Soko hilo, tukumbuke, lilivuka dola 4 kwa ratili moja mwezi wa pili 2025, jambo ambalo halijawahi kuonekana, na bado malalamiko hayakupungua.

Tuanze na yale yanayofanyika mfuko ukifika.

Serizi hazipimwi tu na kulipwa. Kwanza zinamwagwa ndani ya pipa au beseni ya maji. Zile nzito zinazama, zile nyepesi zinaelea. Inayoelea ni ile iliyotobolewa na mdudu, au ambayo mbegu yake haikujaa, au iliyokaukia mtini. Halafu zile zilizozama zinatandazwa juu ya meza, na mkulima mwenyewe anaondoa kwa mkono zile za kijani na zile zilizoiva kupita kiasi. Kile kinachobaki ndicho daraja la kwanza, na ndicho kinacholipwa bei iliyotangazwa. Zinazoelea, stesheni zingine zinazinunua kwa bei ya chini, zingine zinarudisha. Za kijani karibu kila mahali zinarudishwa, na mkulima anazikausha nyumbani ili aziuze kama kahawa ya kawaida.

Hapa kuna swali ambalo linaonekana dogo: mizani inakuja mbele ya maji au nyuma yake? Serizi zikipimwa kavu wakati wa kufika, uzito ni wa kweli, lakini unabeba pia zile mbovu. Zikipimwa kisha kuelea, zimekwisha kubeba maji, na mpimaji atasema anakata kilo kidogo juu ya maji. Kidogo ni ngapi? Hakuna anayejua, kwa sababu inategemea zimechujwa muda gani, na inategemea moyo wa mpimaji. Stesheni zinazofanya kazi vizuri zinapima mara mbili: mfuko mzima ukiwa kavu, kisha zile zilizoondolewa, baada ya kuchujwa mpaka maji yasidondoke tena. Daraja la kwanza linapatikana kwa kutoa. Hivi hakuna tena «kukata maji» kwa macho.

Tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Namba za bei tumezichagua ili ziwe rahisi kuhesabu, si bei ya soko ya leo.

Mama mmoja anafika na mfuko. Mizani inaonyesha kilo 42,6. Mfuko mtupu una kilo 0,6, basi serizi ni kilo 42. Kwenye maji, kilo 3 zinaelea. Kwenye meza anaondoa kilo 1,5 za kijani na kuzirudisha ndani ya mfuko wake. Daraja la kwanza ni kilo 37,5. Bei iliyotangazwa ni franka 1 500, basi hiyo ni franka 56 250. Zile kilo 3 zinazoelea zinanunuliwa franka 600 kwa kilo, ni franka 1 800. Jumla anayostahili: franka 58 050.

Sasa makato. Mwezi wa kwanza, wakati hakuna kahawa na watoto wanatakiwa kulipa shule, kooperative ilimpa avansi, na deni lililobaki ni franka 40 000. Walipatana kwamba robo ya kila malipo itapunguza deni: hapa ni franka 14 500, tukiacha zile franka kidogo za mwisho. Mkutano mkuu wa kooperative uliamua mchango wa franka 50 kwa kila kilo ya daraja la kwanza: franka 1 875. Mfuko umebebwa na gari kutoka mahali pa kukusanyia, franka 20 kwa kilo zote 40,5 zilizonunuliwa: franka 810. Anabaki na franka 40 865 mkononi, na deni lake limeshuka mpaka 25 500.

Hakuna wizi hapo. Kila mstari una sababu na kila sababu ilikubaliwa. Lakini tuangalie karatasi ambayo mara nyingi mkulima anapewa: «Kilo 37. Franka 40 865.» Basi. Anafika nyumbani, kijana wake aliyesoma anagawanya, anapata franka 1 104 kwa kilo. Wakati bei iliyobandikwa ukutani ni 1 500! Familia nzima inalala ikijua kama kooperative ni wezi, na kesho mfuko unakwenda kwa mnunuzi wa njiani, au usiku ndani ya mtumbwi kuelekea Rwanda. Safari hizo za ziwani zimeua watu wengi wa pwani zetu, na walizifanya kwa sababu ng'ambo feza inatolewa pale pale, bila hesabu ya kueleza.

Hesabu ile ilikuwa sawa, isipokuwa kwa nusu kilo. Tulisema 37,5, karatasi imeandika 37.

Nusu kilo hiyo inahitaji tuiangalie vizuri. Mpimaji anayekata kila mara mpaka kilo kamili anachukua, kwa wastani, karibu nusu kilo kwa kila mfuko. Mkulima anayeleta mara 20 katika musimu anapoteza karibu kilo 10, yaani franka 15 000 kwa bei ya mfano wetu. Ni feza ya daftari na kalamu za watoto watatu, haifungui kesi kwa polisi. Lakini stesheni yenye wakulima 400 inapokea mifuko 8 000 kwa musimu, na nusu kilo mara 8 000 ni kilo 4 000. Kwa franka 1 500, ni milioni 6.

Kilo hizo 4 000 hazipotei hewani. Ziko ndani ya lundo, ila hazina jina. Na kilo isiyo na jina ni rahisi kuipa jina: karani anaandika mfuko wa kilo 40 kwa jina la shemeji yake, ambaye hakuleta kitu siku hiyo, na feza inatoka kwenye kasha. Daftari la stesheni linalingana na lundo. Wakubwa wa kooperative wanaona kila kitu kiko sawa, na kweli kwa upande wao hakuna kilichopungua. Aliyepoteza ni mkulima tu.

Watu wa kazi hii wana ginsi ya kukagua stesheni bila kusimama kwenye mizani. Serizi ikikobolewa ganda, ikachachushwa, ikaoshwa na kukaushwa vizuri, inageuka parshe, ile mbegu iliyobaki na ngozi yake nyembamba. Inatakiwa karibu kilo 5 za serizi kupata kilo 1 ya parshe kavu (na kati ya kilo 6 na 7 kupata kilo 1 ya kahawa ya kijani ya kuuza inje). Basi unachukua kilo zote zilizolipwa, unagawanya kwa kilo za parshe zilizotoka. Ukipata 5 na kidogo, au 5 kasoro kidogo, ni kawaida. Ukipata 4,3 wakati stesheni za jirani ziko kwenye 5, stesheni hiyo imepokea serizi ambazo haikulipa, na mizani yake inahitaji kufunguliwa. Ukipata 6, basi ni kinyume: au mmelipa kilo za hewa, au parshe inatoka usiku, au mmepokea serizi mbovu na kuzilipa kama nzuri. Namba hiyo inabadilika kidogo kufuatana na mvua na ginsi watu wanavyochuma, kwa hiyo inalinganishwa wiki kwa wiki na stesheni kwa stesheni, haitazamwi siku moja tu.

Lakini tuseme ukweli juu ya mpaka wa njia hiyo. Stesheni yetu yenye wakulima 400, wakileta kila mmoja karibu kilo 500, inalipa kilo 200 000. Zile kilo 4 000 za nusu-nusu ni asilimia 2 tu ya hiyo. Kwenye hesabu, zinasogeza 5 mpaka 4,9, na 4,9 inaweza kuwa ni mvua. Kwa maneno mengine, mkaguzi anayekuja kutoka Goma au Bukavu na kompyuta yake atamshika mwizi mkubwa, lakini huyu wa nusu kilo hatamwona kabisa. Huyo anaonekana mahali pamoja tu, mbele ya mizani, siku ile ile, na mwenye mfuko. Ndiyo maana karatasi ya mkulima ina uzito kuliko ripoti ya mkaguzi.

Karatasi hiyo inatakiwa kusema nini? Mfano wetu umekwisha kuonyesha: uzito wa kufika, uzito wa mfuko, kilo zinazoelea, kilo zilizorudishwa, kilo za daraja la kwanza pamoja na ile nusu yake, bei ya kila daraja, jumla, kila kato kwa jina lake, deni lililobaki, na feza iliyotolewa. Ni mistari kama kumi na mbili. Tarehe, jina, na namba ya mkulima juu yake. Iandikwe mara mbili na karatasi ya kaboni katikati, moja ibaki stesheni, nyingine iende na mkulima. Mstari mmoja tu haukubaliki hata kama una franka 100: ule unaoitwa «makato mengine».

Nimeona pia stesheni zinazoandika kwenye daftari kubwa peke yake na kumwambia mkulima aweke kidole. Kidole hicho kinathibitisha nini, kama hakusoma na hana kitu cha kurudi nacho nyumbani? Kinamlinda karani tu.

Kuhusu mizani yenyewe. Ile ya kuning'inia yenye mshale inafanya kazi kwa springi, na springi inachoka. Mshale unatakiwa kusimama kwenye sifuri wakati ndoano iko tupu, na ukitingisha na kuachia, urudi kwenye sifuri. Ile ya umeme ina kitufe cha kurudisha sifuri, na mchezo wake unajulikana: beseni linawekwa, sifuri inabonyezwa, kisha kwenye karatasi uzito wa beseni unatolewa mara ya pili. Njia rahisi ya kupima mizani haihitaji fundi. Chupa za maji za lita 1,5 ambazo hazijafunguliwa, 12 pamoja, zina kilo 18 za maji na plastiki kidogo juu yake. Mizani inayosoma 17 inaiba, inayosoma 20 inaibia kooperative. Kamati inaweza pia kuwa na jiwe lake lililopimwa mjini, lililoandikwa rangi, linalopandishwa mizani kila asubuhi mbele ya watu kabla ya mfuko wa kwanza. Na mpimaji asimame mbali na mfuko. Goti likigusa chini ya mfuko unaoning'inia, kilo nzima inaondoka bila mtu kuona.

Kuna jambo lingine linalofanya nusu kilo iwe ghali kuliko inavyoonekana. Feza ya kwenye mizani ni malipo ya kwanza tu. Daraja la mwisho la kahawa, lile linaloamuliwa na watu wa kuonja na linaloandikwa kwenye karatasi za ONAPAC kabla haijatoka inchini, linajulikana miezi mingi baadaye, wakati serizi za watu mia nne zimekwisha kuchanganyika. Hakuna anayeweza kusema kikombe hiki kizuri ni cha mama fulani wa Idjwi. Kwa hiyo faida ya ubora inagawanywa kufuatana na kilo ambazo kila mmoja aliuza kwa kooperative. Ndivyo sheria ya OHADA juu ya kooperative inavyotaka, sheria iliyopitishwa Lomé mwaka 2010 na inayotumika kwetu tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012: nyongeza inafuata kazi ambayo mwanachama alifanya na kooperative, haifuati urafiki wala cheo.

Kama mama wa mfano wetu alileta kilo 520 katika mara 20, na nyongeza imekuwa franka 150 kwa kilo, anangojea franka 78 000. Lakini kama daftari linasema 510, anapata 76 500. Kilo ile ile imemkosesha mara mbili. Na kama karatasi zake zilipotea na daftari limeloa, anapata kile karani atakachokumbuka.

Ni hapo pia ndipo wanawake wanapoumia zaidi. Mara nyingi anayechuma na kubeba ni mama, lakini namba ya mwanachama ni ya baba. Malipo ya kila siku anayapokea yeye, basi hasemi kitu. Mwisho wa mwaka nyongeza inatoka kwa jina lililo kwenye daftari, na yeye anaisikia tu kwa majirani. Kooperative kadhaa zimekubali mke na mume wawe wanachama wawili, kila mmoja na miti yake na kadi yake. Pale ambapo haijafanyika, karatasi inaweza angalau kuwa na mstari wa «aliyeleta» mbali na mstari wa «mwenye namba».

Tangu mwanzo wa 2025 kumeongezeka shida ambayo hakuna karani aliyeitafuta. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na mabenki yakafunga milango. Stesheni iliyozoea kuchukua feza benki siku ya ijumaa ilibaki na serizi zinazofika na kasha tupu. Serizi haingoji: ikikaa usiku mmoja ndani ya mfuko inaanza kuchacha, na ladha inaharibika. Basi wengi walipokea kwa ahadi, au walilipa kwa simu, M-Pesa au Airtel Money.

Kulipa kwa simu kuna uzuri wake, kwa sababu ujumbe unabaki na tarehe na namba. Lakini ujumbe unaonyesha feza tu, hauonyeshi kilo, na kwa hiyo hauondoi karatasi. Tena kutoa feza kuna malipo yake, na pale ambapo wakala ana feza kidogo, anaongeza yake. Nani anabeba malipo hayo? Kama kooperative imeahidi franka 40 865 mkononi, itume zaidi ya hapo. Kama imeamua mkulima abebe, iandikwe, na itangazwe kabla ya musimu, si siku ya kulipwa. Vilevile kupokea kwa ahadi: karatasi iandikwe siku ya mizani na bei ya siku hiyo, hata kama feza itatoka wiki mbili mbele. Bila hivyo, bei ikishuka katikati, mtagundua kwamba mfuko wa wiki iliyopita umelipwa bei ya leo.

Halafu kuna mambo ya dola. Avansi nyingi zinahesabiwa kwa dola na kulipwa kwa franka. Mwaka 2025 franka ilipanda thamani ghafla, na watu wengi walishangaa kwenye soko. Mkulima aliyepokea avansi ya dola 20 wakati dola ilikuwa franka 2 800 alipata franka 56 000 mkononi. Kama dola ikishuka mpaka 2 300, dola 20 ni franka 46 000. Je, deni ni 56 000 au 46 000? Jibu linaweza kuwa moja au lingine, yote mawili yanaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kwamba stesheni ichague siku ya kukata. Kwenye karatasi ya avansi iandikwe deni ni la feza gani, na kama ni dola, itahesabiwa kwa kiwango cha siku gani.

Wakubwa wa kooperative tunaozungumza nao wana jibu moja: yote haya yanakula muda, na saa kumi na moja jioni kuna watu sitini kwenye mstari na mvua inakuja. Ni kweli. Kuandika mistari kumi na mbili kwa mikono kunachukua dakika tatu au nne kwa mfuko, na kwa watu sitini hiyo ni saa tatu na zaidi kwa karani mmoja. Stesheni zilizofaulu zimegawa kazi: mmoja anapima na kutaja namba kwa sauti, wa pili anaandika, wa tatu analipa, na yule anayelipa hakugusa mizani siku hiyo. Mishahara ya watu wawili zaidi kwa miezi minne ni gharama. Stesheni ya mfano wetu inaweza kuilinganisha na zile milioni 6 za nusu kilo, ambazo leo zinalipwa na watu mia nne bila wao kujua.